Kusoma Mchoro wa Usanifu wa Mtandao wa Neva: Konvolusheni, Ufupishaji na Muunganisho Kamili katika LeNet-5 na VGG-16

Ikisiri

Michoro ya usanifu wa mitandao ya neva bandia huambatishwa kwenye ripoti za utafiti na maombi ya fedha, lakini wasomaji wengi huipita kana kwamba ni pambo. Makala hii inaeleza namna ya kuisoma kwa kufuata mchoro wa LeNet-5 wa mwaka 1998 hatua kwa hatua. Hoja yake ni kwamba masanduku ya mchoro huonyesha ukubwa wa data inayopita, wala si mahali ambapo mtandao umehifadhi ulichojifunza, na kwamba mambo hayo mawili mara nyingi hukaa pande mbili tofauti za mchoro. Mtandao wa VGG-16 na utafiti wa magonjwa ya mihogo uliofanywa kwa picha za Tanzania vinatumika kuonyesha kwa nini tofauti hiyo humhusu anayetoa ushauri kuhusu kifaa, gharama au ubora wa mfumo.

1. Mchoro wenyewe

Mchoro wa mtandao wa konvolusheni una sura inayotambulika mara moja. Kushoto kuna picha. Baada yake hufuata rundo la karatasi za mraba zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kisha marundo mengine ambayo karatasi zake zinazidi kuwa ndogo na nyingi, na mwishoni kulia kuna nguzo mbili au tatu nyembamba. Mtu anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kazi kubwa na maarifa mengi yako kwenye marundo makubwa ya kushoto, na kwamba zile nguzo za kulia ni mahali pa kutolea jibu tu. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowapotosha wasomaji.

Mfano mzuri wa kuanzia ni mchoro wa LeNet-5, uliochapishwa na Yann LeCun, Léon Bottou, Yoshua Bengio na Patrick Haffner mwezi Novemba 1998. Mtandao huo ulitengenezwa kutambua tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, na makala iliyoutangaza ilieleza pia mfumo wa kusoma hundi za benki uliokuwa tayari ukitumika kibiashara. Kwa viwango vya leo ni mtandao mdogo sana, na hiyo ndiyo faida yake: kila namba iliyo kwenye mchoro wake inaweza kuhakikiwa kwa kalamu na karatasi.

Ukisomwa kutoka kushoto, mchoro unaanza na picha ya pikseli 32 kwa 32. Baada yake kuna tabaka C1 lenye alama 6@28x28, kisha S2 lenye 6@14x14, C3 lenye 16@10x10, S4 lenye 16@5x5, C5 lenye 120, F6 lenye 84, na mwisho tokeo lenye nafasi 10, moja kwa kila tarakimu. Herufi C inasimamia konvolusheni, S ufupishaji, na F muunganisho kamili. Alama 6@28x28 inasomwa hivi: ramani sita, kila moja ikiwa na mistari 28 na nguzo 28 za namba. Karatasi moja katika rundo ni ramani moja.

Jambo moja dogo katika mchoro huo lina funzo lake. Picha iliyochorwa kama ingizo ni herufi A, ilhali maelezo yaliyo chini ya mchoro yanasema mtandao ni wa kutambua tarakimu, na nafasi za tokeo ni kumi tu. Hakuna kosa la hesabu hapo. Picha iliwekwa ili kuonyesha tu kwamba kitu fulani kinaingia. Ndivyo ilivyo hata kwa michoro ya sasa. Jani la mhindi au picha ya eksirei iliyobandikwa upande wa kushoto si ushahidi kwamba mtandao umewahi kuona jani au eksirei ya aina hiyo.

2. Konvolusheni: namba chache zinazotumika mara nyingi

Kati ya picha ya 32x32 na ramani za 28x28 kuna kazi ambayo mchoro huionyesha kwa mraba mdogo tu na mistari miwili inayokutana kwenye nukta. Mraba huo ni kichujio. Katika LeNet-5 kichujio kina upana wa pikseli 5 na urefu wa pikseli 5, yaani kina namba 25. Huwekwa kwanza kwenye kona ya juu kushoto ya picha. Kila pikseli iliyo chini yake huzidishwa kwa namba inayolingana nayo, mazao 25 hujumlishwa, namba moja ya kusawazisha huongezwa, na jumla hupitishwa katika kanuni ya mkunjo inayoizuia isikue bila kikomo. Jibu linaandikwa katika nafasi ya kwanza ya ramani. Kisha kichujio husogezwa pikseli moja kulia na kazi hurudiwa mpaka picha yote iishe.

Kichujio cha pikseli 5 kikitembea juu ya mstari wa pikseli 32 bila kutoka nje, kinapata vituo 28. Hapo ndipo 28 inapotoka, na kanuni yake ya jumla ni fupi:

```
tokeo = (ingizo - kichujio + 2 x pambizo) / hatua + 1
```

Pambizo ni mistari ya sifuri ambayo baadhi ya wabunifu huizungushia picha ili isipungue; katika LeNet-5 ni 0. Hatua ni idadi ya pikseli ambazo kichujio husogea kila mara. Hapa ni 1. Msomaji mwenye kanuni hii anaweza kuhakiki mchoro wowote wa aina hii bila kuona programu yake. Ingizo likiwa 14, kichujio 5, pambizo 0 na hatua 1, tokeo ni lazima liwe 10, na kweli C3 ni 10x10. Namba zisipokubaliana, ama kuna pambizo au hatua ambayo haikutajwa, ama mchoro umenakiliwa kutoka kazi nyingine na haulingani na mtandao uliojaribiwa.

Namba zilizo ndani ya kichujio hazipangwi na mtu. Mtandao huanza na namba za kubahatisha, kisha huzirekebisha kidogo kidogo kila unapokosea katika mifano ya mafunzo. Namba hizo zinazorekebishwa ndizo zinazoitwa vigezo. Baada ya mafunzo, kichujio kimoja huenda kikawa kinatoa thamani kubwa panapokuwa na mstari wa wima, na kingine panapokuwa na mkunjo. Ramani sita za C1 zinatokana na vichujio sita, na kila ramani inajibu swali moja tu: je, alama ninayoitafuta iko wapi kwenye picha?

Sasa zihesabiwe gharama. Kila kichujio kina namba 25 na moja ya kusawazisha, jumla 26. Vichujio sita vina vigezo 156. Tabaka lililochorwa kwa karatasi kubwa kuliko zote linahifadhi namba 156 pekee. Lakini kila moja ya namba hizo inatumika katika vituo vyote 784 vya ramani yake, kwa hiyo tabaka hili lina miunganisho 122,304. Iwapo kila nafasi ya ramani ingepewa namba zake yenyewe na kuunganishwa na picha nzima, vigezo vingezidi milioni 4.8. Kinachoepusha gharama hiyo ni dhana iliyojengwa ndani ya usanifu: mstari wa wima ni mstari wa wima popote ulipo, na aliyejifunza kuutambua kwenye kona ya kushoto hana haja ya kujifunza tena kwenye kona ya kulia. Kwa picha za kawaida dhana hiyo inafaa. Kwa jedwali la takwimu ambalo nguzo zake zimepangwa kwa mpangilio wowote, haina maana, na mchoro wa konvolusheni uliotumika juu ya data ya namna hiyo unastahili kuulizwa swali.

Tabaka C3 lina jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Kichujio cha C3 hakipiti juu ya karatasi moja tu, bali hupenya ramani kadhaa za S2 kwa wakati mmoja, na kila ramani ina namba zake 25. Kina chake hakichorwi. Desturi ya leo ni kwamba kila kichujio hupenya ramani zote zinazoingia. Kwa desturi hiyo C3 ingekuwa na vigezo 16 x (6 x 25 + 1), yaani 2,416. Makala ya 1998, hata hivyo, inataja 1,516. Sababu ni kwamba waandishi waliamua ramani sita za C3 zisome ramani tatu tatu za S2, tisa zisome nne nne, na moja tu isome zote sita. Walifanya hivyo ili kupunguza miunganisho, na pia kuzilazimisha ramani zitafute alama zilizo tofauti kwa kuwa zinalishwa vitu tofauti. Taarifa hiyo iko kwenye jedwali la makala. Kwenye mchoro kuna mshale tu. Michoro mingi ya LeNet-5 inayopatikana katika vitabu vya kiada inahesabiwa kwa desturi ya leo, na ndiyo maana jumla ya vigezo inayotajwa humo mara nyingi hailingani na ya makala ya awali.

3. Ufupishaji: kinachopatikana na kinachopotea

Kati ya C1 na S2 idadi ya ramani haibadiliki, lakini upana unakuwa nusu. Huo ndio utambulisho wa ufupishaji kwenye mchoro: karatasi zilezile sita, zimepungua ukubwa. Kila ramani hugawanywa katika miraba ya nafasi mbili kwa mbili isiyopandana, na kila mraba hutoa namba moja.

Namna ya kuipata namba hiyo hutofautiana. Katika mitandao mingi ya sasa huchukuliwa iliyo kubwa kuliko zote: mraba wenye 0.1, 0.9, 0.2 na 0 hutoa 0.9. Wengine huchukua wastani, na mraba uleule hutoa 0.3. LeNet-5 haifanyi hata moja kati ya hayo mawili kikamilifu. Hujumlisha namba nne, huzidisha jumla kwa kigezo kimoja, huongeza cha kusawazisha na kupitisha jibu katika mkunjo. Kwa hiyo S2 ina vigezo 12, viwili kwa kila ramani, tofauti na ufupishaji wa sasa ambao kwa kawaida hauna kigezo chochote cha kujifunza.

Kwa njia yoyote ile, baada ya hatua hii mtandao unajua kwamba alama ilikuwapo ndani ya mraba, lakini haujui tena kwa uhakika ilikuwa kwenye pembe ipi kati ya nne. Kwa tarakimu zilizoandikwa kwa mkono huo ni msaada, kwa sababu mkono wa mtu haupigi mstari wa saba mahali palepale mara mbili. Faida ya pili haionekani kabisa kwenye mchoro, nayo huenda ikawa kubwa zaidi. Nafasi moja ya C1 inatazama eneo la pikseli 5 kwa 5 la picha. Nafasi moja ya S2 inatazama 6 kwa 6. Lakini nafasi moja ya C3, ijapokuwa kichujio chake kina upana uleule wa 5, inatazama 14 kwa 14, kwa sababu kila hatua moja kwenye S2 ni pikseli mbili za picha. S4 inafikia 16, na C5 inafikia 32, yaani picha nzima. Kwa hiyo mtandao unaoanza kwa kuona vipande vya mistari unaishia kuona tarakimu kamili, na ufupishaji ndio unaoharakisha safari hiyo.

Hasara yake huonekana pale swali linapohusu mahali. Mchoro unaofupisha mfululizo mpaka nguzo nyembamba unaweza kujibu kama shamba lina ugonjwa au la. Hauwezi kuchora mpaka wa eneo lililoathirika, kwa kuwa taarifa ya mahali imetupwa njiani. Kazi ya kuchora mpaka inahitaji mchoro wa sura nyingine, ambao baada ya kushuka unapanda tena na kurudisha ukubwa wa picha, huku ukiletewa taarifa kutoka kwenye matabaka ya mwanzo. U-Net ya mwaka 2015 ilipata jina lake kutokana na sura hiyo ya herufi U. Pendekezo la kupima ukubwa wa mashamba kwa picha za setilaiti linaloambatishwa na mchoro unaoshuka tu bila kupanda lina kasoro inayoonekana kabla hata ya matokeo kusomwa.

4. Nguzo nyembamba za mwisho

S4 ina ramani 16 za nafasi 5 kwa 5, jumla thamani 400. Tabaka linalofuata, C5, lina nafasi 120, na kila moja imeunganishwa na thamani zote 400. Hakuna namba inayotumika mara mbili. Vigezo vyake ni 400 x 120 na 120 za kusawazisha, yaani 48,120. F6 inaunganisha hizo 120 na nafasi 84, na kugharimu vigezo 10,164. Tokeo katika toleo la awali hulinganisha thamani 84 na vielelezo vya tarakimu vilivyowekwa kwa mkono, vyenye namba 840 ambazo hazikufunzwa. Idadi 84 yenyewe ilitokana na vielelezo hivyo kuwa picha ndogo za nukta 7 kwa 12.

Jumla ya vigezo vinavyofunzwa ni 60,000 kamili. Kati ya hivyo, C1, S2, C3 na S4 kwa pamoja, yaani karibu mchoro wote kwa macho, vina 1,716. Vilivyobaki, zaidi ya asilimia 97, viko kwenye nguzo mbili nyembamba. Kwa upande wa miunganisho hali inageuka: kati ya 340,908, C1 na C3 zina 273,904, yaani takriban asilimia 80. Hivyo mchoro mmoja unabeba ramani mbili ambazo hazikuchorwa. Kazi ya kukokotoa inaegemea kushoto, na hifadhi ya kilichofunzwa inaegemea kulia. Ukubwa wa masanduku haulingani na hifadhi hiyo hata kidogo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini C5 inaitwa konvolusheni ilhali imeelezwa kama muunganisho kamili. Kichujio chake ni 5x5 na ramani zinazoingia ni 5x5, kwa hiyo kina kituo kimoja tu cha kusimama, na hapo tofauti kati ya aina hizo mbili inatoweka. Waandishi waliliacha jina la konvolusheni kwa sababu picha ikiwa kubwa zaidi, C5 itapata vituo zaidi ya kimoja. F6 haina uhuru huo, kwa sababu inatarajia thamani 120 na si nyingine.

Kutokana na hilo linapatikana kosa la kawaida ambalo msomaji anaweza kuligundua kwa dakika chache. Picha za mkusanyo wa MNIST, ambao hutumika sana kufundishia mtandao huu, zina pikseli 28 kwa 28. Katika LeNet-5 zilizungushiwa pambizo mpaka zikafika 32. Tuseme ripoti inaonyesha ingizo la 28x28 bila pambizo yoyote, lakini inaendelea kuandika 16@5x5 kabla ya nguzo za mwisho. Kanuni ya hapo juu inasema 28 inatoa 24, ufupishaji unatoa 12, konvolusheni ya pili inatoa 8, na ufupishaji wa pili unatoa 4. Thamani zinazoingia C5 ni 16 x 4 x 4, yaani 256, si 400, na vigezo vya tabaka hilo ni 30,840, si 48,120. Ripoti ya aina hiyo haijaeleza mtandao uliofunzwa kweli, hata kama asilimia za usahihi zilizotajwa zinavutia.

5. VGG-16: tofauti ileile kwa ukubwa wa kutisha

Katika LeNet-5 tofauti hizi ni za kielimu tu, kwa sababu vigezo 60,000 havimlemei mtu. VGG-16, iliyotangazwa mwaka 2014 na Karen Simonyan na Andrew Zisserman wa Chuo Kikuu cha Oxford, inaifanya tofauti hiyo kuwa suala la bajeti. Mchoro wake una matabaka 13 ya konvolusheni yenye vichujio vya 3x3 na pambizo ya 1, kwa hiyo konvolusheni haipunguzi ukubwa. Ufupishaji mara tano ndio unaoishusha picha kutoka 224 hadi 112, 56, 28, 14 na 7. Mwisho kuna nguzo tatu: 4,096, tena 4,096, na 1,000.

Kabla ya nguzo ya kwanza kuna ramani 512 za 7x7, yaani thamani 25,088. Zikiunganishwa kikamilifu na nafasi 4,096, hupatikana vigezo 102,764,544. Mtandao mzima una 138,357,544. Kwa maneno mengine, mshale mmoja mfupi ulio mwishoni mwa mchoro unabeba takriban robo tatu ya kila kitu ambacho VGG-16 imejifunza, na matabaka yote 13 ya konvolusheni yana karibu milioni 14.7 tu.

Ulinganishe mshale huo na tabaka la pili la konvolusheni, ambalo huchorwa kama bamba kubwa la 64@224x224. Tabaka hilo lina vigezo 36,928. Lakini kila kichujio chake kinatembea katika vituo 50,176, kwa hiyo kwa picha moja linafanya takriban mazidisho bilioni 1.85. Nguzo yenye vigezo zaidi ya milioni 102 inafanya mazidisho takriban milioni 103. Tabaka lenye vigezo vichache hivyo linafanya mazidisho mara kumi na nane zaidi.

Kwa anayeshauri kuhusu mfumo utakaowekwa kwenye simu ya afisa ugani, hapa pana maswali mawili yanayochanganywa mara kwa mara. La kwanza ni kama mtandao utapakuliwa na kuhifadhiwa. Kigezo kimoja kikichukua baiti nne, VGG-16 inahitaji zaidi ya megabaiti 550, na zaidi ya megabaiti 410 kati ya hizo ni za ule mshale mmoja. Swali la pili ni kama simu itatoa jibu kwa haraka bila kumaliza betri, na jibu lake limo hasa kwenye mabamba ya kushoto. Mhandisi anayeahidi kuupunguza mtandao kwa robo tatu kwa kuondoa nguzo ya kwanza anasema kweli kuhusu hifadhi. Kuhusu hesabu za kuzidisha, atakuwa ameondoa chini ya asilimia moja.

Njia ya kuondoa mzigo huo ilipendekezwa mwaka 2013 na Min Lin, Qiang Chen na Shuicheng Yan: badala ya kutandaza ramani zote kuwa safu moja ndefu, kila ramani ichukuliwe wastani wake na kubaki namba moja. Ramani 512 za VGG-16 zingebaki namba 512, na muunganisho wa kufikia majibu 1,000 ungehitaji vigezo 513,000 tu. Zaidi ya hayo, mtandao haungefungwa tena kwenye ukubwa mmoja wa picha, kwa sababu wastani wa 7x7 na wastani wa 9x9 vyote ni namba moja. Kwenye mchoro, hatua hii huonekana kama rundo la mwisho la karatasi linalogeuka ghafla kuwa nguzo yenye urefu sawa na idadi ya karatasi. Nguzo ikiwa na urefu wa idadi ya karatasi mara eneo lake, basi ramani zimetandazwa na mzigo bado upo. Bei ya wastani huo ni ileile ya ufupishaji wote: mtandao unajua dalili ilikuwapo kwenye jani, na umesahau ilikuwa wapi.

6. Sehemu iliyofunzwa hapa na sehemu iliyoletwa

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliotumia picha za mihogo zilizopigwa mashambani nchini Tanzania ili kutambua magonjwa matatu na aina mbili za uharibifu wa wadudu. Watafiti hawakuujenga mtandao upya. Walichukua Inception v3, uliokwisha kufunzwa kwa picha za ImageNet, na kufunza tabaka la mwisho tu kwa picha za mihogo. Usahihi wa jumla walioripoti kwa picha ambazo mtandao haukuwahi kuziona ulikuwa asilimia 93.

Inception v3 inaishia na ramani 2,048 za 8x8 zinazochukuliwa wastani. Muunganisho kamili kutoka namba hizo 2,048 kwenda majibu sita, yaani hali tano za ugonjwa na uharibifu pamoja na mmea wenye afya, una vigezo 2,048 x 6 na 6 za kusawazisha: 12,294. Matabaka yaliyotangulia yana zaidi ya milioni 20, na hayo yalijifunza kutokana na picha za mbwa, magari, ndege na vyombo vya nyumbani. Njia hiyo ni halali na imefaulu mara nyingi, kwa kuwa vichujio vya mwanzo vinavyotafuta kingo, madoa na mabadiliko ya rangi vinafaa kwa jani kama vinavyofaa kwa manyoya ya mbwa. Lakini inabadilisha swali la kuuliza. Data ya Tanzania katika usanifu wa namna hii inaamua jinsi ya kupima uzito wa dalili ambazo matabaka ya awali tayari yanazijua. Haiyaongezei dalili mpya. Doa ambalo vichujio vilivyoletwa havilitofautishi na vumbi litaendelea kuchanganywa na vumbi hata picha za mafunzo zikiongezwa mara kumi, mpaka baadhi ya matabaka ya konvolusheni nayo yaruhusiwe kujifunza upya.

Hilo ndilo jambo ambalo mchoro hauwezi kusema kwa masanduku na mishale pekee. Mchoro wa mtandao uliofunzwa wote kwa picha za mihogo na mchoro wa mtandao uliofunzwa nguzo ya mwisho tu ni mchoro mmoja, wenye ukubwa uleule na alama zilezile. Baadhi ya waandishi huyapaka matabaka yasiyofunzwa rangi ya kijivu au huyawekea alama ya kufuli. Wengine huacha bila kusema. Mahali pa kuitafuta taarifa hiyo ni aya ya mbinu, kwenye sentensi inayotaja idadi ya vigezo vilivyofunzwa. Idadi hiyo ikiwa karibu na idadi ya ramani za mwisho mara idadi ya majibu, basi konvolusheni yote imeletwa kama ilivyo.